Kusoma uso wa metali iliyovunjika: hadubini ya mwanga, elektroni za upili na elektroni za kurudi

Fundi mmoja wa baiskeli aliniletea mkono wa pedeli wa alumini uliokatika kwenye tundu, pale pedeli inapofungwa. Baiskeli ilikuwa ya kijana anayesambaza maziwa kwenye barabara yenye milima mingi. Fundi alikuwa na jibu tayari: "Mwalimu, alumini hii ni mbovu. Tazama ilivyo na vipele ndani." Kijana naye alikuwa na dai lake, kwamba pedeli ilikuwa ikicheza tangu ilipofungwa. Nitautumia mkono huo kueleza kazi yote, kwa sababu yale madai mawili hayawezi kuamuliwa na hadubini moja. Hadubini ya mwanga ilionyesha ufa ulianzia wapi; kisha, ndani ya hadubini ya elektroni, elektroni za upili zikaonyesha ulivyosonga, na elektroni za kurudi zikaonyesha kilichokuwapo pale ulipoanzia. Ukiruka hatua mojawapo, zinazofuata zitakudanganya.

Kabla ya hadubini yoyote

Ukipewa kitu kilichovunjika, mkono wako utataka kuviunganisha vipande viwili ili uone vinavyolingana. Usifanye hivyo. Vilele vya uso wa mvunjiko vina ukubwa wa mikroni chache, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vikigusana vinasagana, na alama ulizotaka kuzisoma zinalala na kung'aa. Usipitishe kidole wala brashi ya waya. Piga picha kwanza, andika mshale wa kalamu kuonyesha upande wa nje wa mkono, kisha funga kila kipande peke yake kwenye mfuko mkavu.

Kama kipande ni kikubwa mno kwa chumba cha mashine, kikate kwa msumeno wa mkono, polepole, milimita 20 au zaidi kutoka kwenye uso wa mvunjiko. Funika uso huo kwa plastiki kwanza, na usitumie jiwe la kukatia bila maji, kwa sababu moto na vumbi lake vitaacha alama ambazo baadaye utazidhania ni za ajali.

Hatua ya kwanza: hadubini ya mwanga

Anza na hadubini ya stereo, ile ya macho mawili inayokuza mara 5 hadi mara 40 hivi. Zima taa ya juu. Weka taa moja ya pembeni, iwe chini kabisa, karibu ilale sambamba na uso, kisha uizungushe taratibu. Kila unapoizungusha vivuli vinahama, na mistari iliyokuwa imejificha inajitokeza.

Kwenye mkono wetu niliona mistari iliyopinda kama ile ambayo maji hubakisha mchangani bahari inapokupwa. Huitwa alama za ufukwe. Kila moja ni mahali ufa ulipobadilisha mwendo, kwa mfano mzigo ulipopungua au baiskeli ilipolala siku kadhaa. Mistari hiyo huzunguka sehemu moja, na ukiifuata kinyumenyume inakupeleka kwenye chanzo. Hapa ilinipeleka kwenye kona ya tundu, upande wa nje, pale bega la pedeli linapogandamiza alumini. Unene wa mkono ni milimita 13. Ufa ulikuwa umesafiri takriban milimita 9 kwa utulivu kabla ya sehemu iliyobaki kukatika kwa ghafla. Ile sehemu ya mwisho ndiyo iliyokuwa na vipele, na ndiyo aliyoionyesha fundi.

Kuna jambo moja ambalo hadubini ya mwanga inalifanya na ile ya elektroni haiwezi kamwe: kuonyesha rangi. Karibu na chanzo palikuwa na weusi wa masizi, kisha kijivu, kisha metali safi inayong'aa kwenye sehemu ya mwisho. Weusi wa namna hiyo juu ya alumini hutokana mara nyingi na msuguano, unga wa metali ukichanganyika na grisi na hewa. Nilipiga picha ya rangi hapo hapo, nikapima umbali wa kila eneo kutoka kwenye chanzo. Picha hiyo ndiyo iliyokuwa ramani yangu siku nzima.

Je, kwa nini tusiendelee kukuza kwa mwanga? Mwanga unaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa karibu mikroni 0.2, na kwa hesabu hiyo ungedhani alama nyingi za uchovu wa metali, yaani kupasuka kidogo kidogo kwa mzigo unaorudiwarudiwa, zingeonekana. Kinachozuia ni fokasi. Ukikuza mara 500, tabaka linaloonekana wazi kwa wakati mmoja halifiki hata mikroni chache, na uso wa mvunjiko una mabonde na vilima vya mikroni mia na zaidi. Utaona kijiduara kimoja kikiwa wazi na ukungu pande zote. Tena miteremko mikali inarusha mwanga pembeni, haurudi kwenye lenzi, hivyo unapata weusi tu. Hadubini ya mwanga yenye ukuzaji mkubwa ina kazi yake, lakini ni juu ya uso uliokatwa, ukang'arishwa kama kioo na kuchovywa dawa ili chembe za metali zionekane. Kazi hiyo ifanywe mwisho kabisa, maana inaharibu sampuli.

Hatua ya pili: kusafisha, lakini vipande viwili kwa namna mbili

Chumba cha hadubini ya elektroni ni ombwe, na grisi ndani ya ombwe inachafua mashine na kugandisha utando mweusi wa kaboni mahali unapotazama. Lazima usafishe. Wakati huohuo ule uchafu wa kwenye chanzo ni ushahidi, na ukiusafisha sawasawa umeuondoa.

Mvunjiko una nyuso mbili zinazofanana, basi zitumie. Kipande cha kwanza nilikisuuza kwa asetoni iliyodondoshwa taratibu, mara tatu, kisha ethanoli, kikakaushwa kwa hewa. Grisi ilitoka, unga ulioshikamana ukabaki. Kipande cha pili nilikiweka kwenye beseni la mawimbi ya sauti ndani ya asetoni kwa dakika tano ili alama zake ziwe wazi kabisa. Kwa alumini usiguse magadi makali wala asidi, vinaila metali na kuchonga vishimo ambavyo havikuwapo.

Hatua ya tatu: kupachika na kuanza

Alumini inapitisha umeme, kwa hiyo haihitaji kupakwa dhahabu. Nasisitiza hili kwa sababu katika maabara nyingi kupaka dhahabu ni mazoea. Dhahabu ina namba ya atomu 79, na hata utando mwembamba wake utaongeza mng'ao wa kigeni katika picha ya elektroni za kurudi, mahali unapotafuta tofauti ndogo kati ya metali moja na nyingine.

Kipande kizito kibanwe kwa skrubu. Tepu ya kaboni peke yake inanyong'onyea, na picha itakuwa inateleza polepole unapokuza sana. Hakikisha kuna njia ya umeme kutoka kwenye sampuli hadi kwenye kitako. Sehemu yenye kutu nene au rangi isiyopitisha umeme itakusanya elektroni na kung'aa kupita kiasi, huku picha ikitetemeka au kupigwa mistari. Ukiona hivyo, punguza kilovolti zinazosukuma mwali wa elektroni au weka kipande cha tepu ya kaboni karibu na eneo hilo.

Nilianza na kilovolti 15 na umbali wa kazi, yaani kutoka kwenye lenzi hadi kwenye sampuli, unaosomeka `WD` kwenye skrini, wa milimita 12. Anza na ukuzaji mdogo unaowezekana, mara 25 au 30, na utafute alama zilezile ulizoziona kwa mwanga. Usikuze hata kidogo mpaka uwe na uhakika kwamba picha ya skrini na ile ya rangi zinaelekea upande mmoja. Nimewahi kupoteza alasiri nzima nikisoma kona ambayo haikuwa chanzo, kwa sababu tu sampuli ilipinduliwa wakati wa kubanwa na mimi sikurudi kwenye ramani.

Hatua ya nne: elektroni za upili, na umbo la uso

Mwali wa elektroni unapopiga metali, unazing'oa elektroni nyingine kutoka kwenye atomu za metali yenyewe. Hizo ndizo za upili, na kwenye skrini huandikwa `SE`. Ni dhaifu, nishati yake iko chini ya elektronivolti 50, hivyo zinazofaulu kutoka ni zile tu zilizozaliwa nanomita chache chini ya uso. Zile za ndani zaidi zinamezwa njiani. Kwa sababu hiyo picha yake ni ya ngozi ya juu kabisa, yenye undani mkali.

Kinasa chake kimewekwa pembeni na kina wavu wenye volti mia chache za chaji chanya, unaozivuta elektroni hizo hata zile zilizotoka upande wa nyuma wa kilima. Namna hiyo ya kinasa ilielezwa na Everhart na Thornley mwaka 1960 huko Cambridge, na bado ndiyo iliyo katika mashine nyingi. Matokeo yake ni picha isiyo na vivuli vya giza totoro, yenye kuonekana kana kwamba taa iko upande wa kinasa. Panga picha ili kinasa kiwe juu ya skrini. Macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu, na kinasa kikiwa chini vishimo vitaonekana kama vipele.

Neno hilo linanirudisha kwa fundi wetu. Nilipokuza ile sehemu ya mwisho mara 1,000, "vipele" vyake vilikuwa vishimo vidogo vya mviringo vilivyopakana kama sega la asali. Metali inapovutwa mpaka ikatike, vitundu hufunguka ndani yake kuzunguka chembe ngumu, vinakua, vinaungana, na kila kimoja kinaacha nusu bakuli kwenye kila upande. Vishimo hivyo ni alama ya metali iliyonyumbuka kabla ya kukatika. Havionyeshi ubovu. Metali inayokatika bila kunyumbuka ingeonyesha nyuso bapa zenye mistari inayoungana kama vijito vya mto, au chembe zilizoachana kama sukari ya mawe.

Kisha nilisogea kwenye eneo tulivu, milimita 5 kutoka kwenye chanzo, nikakuza mara 5,000. Hapo palikuwa na mistari sambamba, midogo, inayokata njia ya ufa kama matuta ya shamba. Hii ni mistari ya uchovu. Kila mmoja ni hatua moja ya ufa, ikiachwa na mkanyago mmoja wenye nguvu ya kutosha. Usiichanganye na alama za ufukwe: ufukwe mmoja unaouona kwa jicho unaweza kubeba maelfu ya mistari hii. Wala usiichanganye na mikwaruzo ya nyuso mbili kusuguana. Mistari ya kweli inabadilisha mwelekeo kidogo inapovuka kutoka uwanda mmoja kwenda mwingine na nafasi zake zinaongezeka kadiri unavyotoka kwenye chanzo. Mikwaruzo inapita juu ya kila kitu ikiwa imenyooka.

Kupima nafasi kunahitaji uso uwe umeukabili mwali moja kwa moja. Eneo likiinama digrii 30, nafasi inayoonekana inafupika hadi asilimia 87 ya nafasi halisi. Hesabu nafasi kumi kati ya mistari, pima urefu wa jumla, gawanya kwa kumi. Mstari mmoja mmoja unapotosha. Nilipata mikroni 0.2 kwenye milimita 2, mikroni 0.5 kwenye milimita 5, na mikroni 1.2 kwenye milimita 9.

Sasa hesabu. Kati ya milimita 2 na 5 wastani wa hatua ni mikroni 0.35. Safari ni mikroni 3,000, hivyo hatua ni kama 8,600. Kati ya milimita 5 na 9 wastani ni mikroni 0.85, safari mikroni 4,000, hatua kama 4,700. Jumla ni kama mikanyago 13,300. Kwa mkanyago mmoja kila sekunde, hizo ni saa 3 na dakika 40 hivi za kukanyaga kwa nguvu, yaani za kupanda milima, kwa kuwa mkanyago laini wa tambarare hauachi mstari. Idadi hiyo ichukuliwe kuwa ya chini. Milimita mbili za kwanza hazimo, maana huko mistari ilikuwa myembamba mno na mingine imesagwa, na huenda ndiko ufa ulikotumia sehemu kubwa ya maisha yake. Hata hivyo yatosha kumwambia kijana jambo la maana: ukiuona ufa wa milimita 2 kwenye tundu la pedeli, hiyo safari ya leo usiimalize kwa mkono huo.

Hatua ya tano: elektroni za kurudi, na kilichomo

Mpaka hapa tunajua ulikuwa uchovu, na kwamba metali ilinyumbuka vizuri mwishoni. Bado hatujui kilichouanzisha. Picha ya elektroni za upili kwenye chanzo ilionyesha uso uliokwaruzwa na kupondwapondwa, na vijipande vilivyolala juu yake. Baadhi viling'aa kingoni. Hapa wengi hukosea. Katika picha ya `SE` kila ncha na kila kingo inang'aa, kwa sababu elektroni zina pande nyingi za kutokea. Mng'ao huo ni wa umbo na hauelezi metali gani iko pale.

Bila kusogeza sampuli hata kidogo, nilibadili kinasa kwenda `BSE`. Elektroni za kurudi ni zile za mwali wenyewe zilizoingia, zikapindwa na viini vya atomu, zikageuka na kutoka zikiwa bado na nguvu nyingi. Kiini kizito kinazigeuza nyingi zaidi. Alumini, namba 13, inarudisha karibu 15 katika kila 100. Chuma, namba 26, karibu 28. Kwa hiyo chuma kikilala juu ya alumini kinawaka kama kaa la moto usiku. Grisi na kaboni vinakuwa vyeusi, na mchanga unafifia kidogo kuliko alumini.

Pale kwenye chanzo, vile vijipande vilivyokuwa kijivu katika picha ya kwanza viliwaka vyeupe. Vilikuwa vimepakwa kama siagi, virefu, vikifuata mwelekeo wa mikwaruzo. Vingine vilivyong'aa katika `SE` vilizama na kuwa sawa na alumini iliyovizunguka.

Kabla ya kusema "ni chuma cha pedeli" nilikuwa na maswali mawili ya kujibu. La kwanza: je, weupe huu ni wa umbo? Elektroni za kurudi husafiri kwa mistari iliyonyooka, hazivutwi na wavu, hivyo kwenye uso wenye vilima upande unaokikabili kinasa unang'aa na upande wa pili unaingia gizani. Vinasa vingi vya aina hii vina vipande kadhaa vinavyozunguka mwali. Ukijumlisha ishara zao (mashine huandika `COMPO`), umbo linafifia na metali inabaki. Ukizitoa moja kutoka kwa nyingine (`TOPO`), umbo ndilo linalobaki. Juu ya uso wa mvunjiko hata `COMPO` haisafishi vivuli vyote. Dawa yake ni kuizungusha sampuli digrii 180. Kivuli kitahama upande. Metali nzito itaendelea kuwaka palepale. Weupe wangu haukuhama.

La pili: alumini yenyewe ina chembe zenye chuma ndani yake. Aloi za kawaida za alumini hubaki na chuma kidogo kinachojikusanya pamoja na silikoni kuwa chembe za mikroni chache, nazo pia zinawaka katika `BSE`. Nilirudi kwenye vile vishimo vya sehemu ya mwisho, na ndivyo: ndani ya vishimo vingi, chini kabisa, palikuwa na chembe moja nyeupe, yenye kona, mara nyingine imepasuka. Hizo ni za aloi, na ndizo zilizozaa vishimo. Zilikuwa ndogo na zimetawanyika sawasawa. Zile za kwenye chanzo zilikuwa zimepakwa juu ya uso, kubwa mara kumi, na hazikuonekana popote pengine.

Kinasa cha mionzi ya eksirei, kinachotambua elementi zilizopo na kuandikwa `EDS`, kilimaliza ubishi. Chembe za ndani ya vishimo zilitoa alumini, chuma na silikoni. Vile vilivyopakwa vilitoa chuma kwa wingi, kromi, manganizi na oksijeni. Kromi na manganizi vikifuatana hivyo na chuma vinaashiria chuma pua au chuma cha aloi, kama vile mhimili wa pedeli. Kumbuka tu kwamba mionzi hiyo hutoka hadi mikroni mbili hivi chini ya uso wa alumini kwa kilovolti 15, hivyo kipande chembamba kitaonyesha pia alumini iliyo chini yake. Kuiona alumini pale hakumaanishi kwamba kipande chenyewe kina alumini.

Kwa upande mwingine, usitafute mistari ya uchovu katika picha ya `BSE`. Elektroni hizi zinatoka kina cha hadi karibu mikroni moja katika alumini, hivyo matuta ya mikroni 0.2 yanayeyuka. Nilijaribu pale kwenye milimita 2, na uso ambao katika `SE` ulikuwa na mistari wazi ulionekana laini.

Kilichoandikwa kwenye ripoti

Nilimwita fundi nikampa kiti mbele ya skrini. Nilimwonyesha picha mbili za mahali pamoja, nikaibadili moja kwa nyingine. "Hizi nyeupe ni za pedeli?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo, ni chuma kilichosagwa kikabandikwa kwenye alumini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema pedeli ile aliifunga bila washa, kile kipete kinachokaa kati ya bega la pedeli na mkono, kwa kuwa ya awali ilikuwa imepotea.

Niliandika kwamba ufa ulianza kwenye kona ya nje ya tundu, mahali bega la chuma lilipokuwa likisugua alumini chini ya mzigo, ukakua kwa uchovu milimita 9, na sehemu iliyobaki ikakatika kwa kuzidiwa. Sikuandika kwamba kukosekana kwa washa ndiko kulikosababisha. Hadubini ilionyesha msuguano. Msuguano ungeweza kuletwa na washa kutokuwepo, na pia na pedeli isiyokazwa vya kutosha, na nyuso za mvunjiko hazina njia ya kutenganisha hayo mawili. Kuhusu ubovu wa alumini nao, vishimo vinasema ilinyumbuka, lakini ugumu wake ulipaswa kupimwa kwa mashine ya ugumu, juu ya kipande kilichokatwa na kung'arishwa. Hicho nilikikata wiki iliyofuata, kutoka kwenye kipande cha pili, baada ya picha zote kuhifadhiwa.